Utambuzi wa seli, bakteria na kuvu katika picha ya hadubini

Utambuzi wa seli, bakteria na kuvu katika picha ya hadubini ni kazi ya kuamua kila kitu kinachoonekana katika picha hiyo ni nini, kwa kutumia ushahidi wa aina tatu: ukubwa, umbo na rangi. Ukubwa huonyesha kundi ambalo kitu kinaweza kuwa nalo, umbo huthibitisha au kukanusha kundi hilo, na rangi huongeza habari juu ya ukuta wa seli. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu rangi ndiyo huonekana kwanza lakini ndiyo hudanganya kwa urahisi zaidi. Bakteria duara na seli ya hamira zinaweza kuwa na rangi ileile ya zambarau, ingawa mmoja ni bakteria na nyingine ni kuvu.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya darasa pia. Antibiotiki zinazotumika dhidi ya bakteria haziui kuvu, na dawa za kuvu haziui bakteria. Kwa hiyo anayesoma picha vibaya katika maabara ya hospitali anaweza kusababisha mgonjwa apewe dawa isiyomsaidia.

Makala hii inatumia mfano mmoja unaofaa shuleni: picha ya sampuli iliyokwanguliwa ndani ya shavu la mtu na kutiwa rangi kwa njia ya Gram. Sampuli hiyo ina seli za binadamu na bakteria wa kinywani, na mara nyingine seli za kuvu. Tena seli za shavu zenyewe ni msaada mkubwa kwa anayesoma picha, kwa kuwa zinaweza kutumika kama rula ya kupimia vitu vingine na kama shahidi wa kuonyesha kama rangi zinaaminika.

## Sampuli ya shavu

Upande wa ndani wa shavu umefunikwa na tabaka la seli bapa ambazo hubanduka kila siku. Kijiti chenye pamba safi kikipitishwa hapo huzichukua pamoja na bakteria waliokaa juu yake. Kila mwanafunzi hutumia kijiti chake mwenyewe, na baada ya kazi vijiti na slaidi hutumbukizwa katika dawa ya kuua vijidudu.

Pamba hiyo husuguliwa taratibu juu ya slaidi mpaka libaki tabaka jembamba, ambalo huitwa mpako. Mpako huachwa ukauke wenyewe hewani. Kisha slaidi hupitishwa haraka juu ya mwali wa moto mara mbili au tatu, upande wa mpako ukiwa juu, ili seli zishikamane na kioo zisioshwe na maji. Slaidi ikichelewa motoni seli hukunjamana na bakteria hubadilika umbo.

Unene wa mpako huamua ubora wa picha itakayopatikana. Mpako mzuri ukikauka huonekana kama ukungu hafifu juu ya kioo. Ukiwa mnene, seli hulaliana, rangi haiondoki sawasawa, na sehemu moja ya picha huonyesha rangi tofauti na nyingine.

## Njia ya Gram

Njia hii ilibuniwa na daktari Mdenmarki Hans Christian Gram alipokuwa akifanya kazi mjini Berlin, na aliitangaza mwaka 1884. Inatumia rangi mbili. Ya kwanza ni kristali vayoleti, yenye rangi ya zambarau. Ya pili ni safranini, yenye rangi ya waridi au nyekundu hafifu. Kati ya hizo mbili hutumika ayodini na spiriti.

Kwanza mpako hufunikwa kwa kristali vayoleti kwa muda wa dakika 1, kisha huoshwa kwa maji. Wakati huo kila kitu ni cha zambarau: seli za shavu, bakteria wote na kuvu. Pili huwekwa ayodini kwa dakika 1. Ayodini huungana na kristali vayoleti ndani ya seli na kufanya chembe kubwa zaidi ambazo hazitoki kwa urahisi. Tatu hupitishwa spiriti ya asilimia 95 kwa sekunde chache, kwa kawaida kati ya 5 na 15, mpaka matone yanayotoka kwenye slaidi yawe karibu hayana rangi, kisha huoshwa kwa maji mara moja. Mwisho huwekwa safranini kwa sekunde 30 hadi dakika 1, slaidi huoshwa na kukaushwa.

Hatua ya spiriti ndiyo inayotenganisha viumbe. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki na zambarau yao, nao huitwa Gram chanya. Bakteria wenye ukuta mwembamba, ambao una utando mwingine wa mafuta kwa nje, hupoteza zambarau. Baadaye hupokea safranini na kuwa waridi, nao huitwa Gram hasi. Seli za binadamu hazina ukuta kabisa, hivyo nazo hupoteza zambarau na kuwa waridi.

Seli za kuvu zina ukuta mnene, kwa hiyo hubaki zambarau. Hata hivyo ukuta huo umejengwa kwa vitu tofauti na ule wa bakteria, mojawapo ikiwa ni kitini, ambayo hupatikana pia katika gamba la wadudu. Rangi ya zambarau haionyeshi ukuta umetengenezwa kwa nini. Huonyesha tu kwamba spiriti haikufaulu kuitoa rangi ya kwanza.

## Kupima ukubwa

Vitu vya hadubini hupimwa kwa mikromita. Milimita 1 ina mikromita 1,000. Katika mpako wa shavu makundi matatu hutofautiana sana kwa ukubwa:

* Seli ya shavu ina upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi, na kiini chake huwa na kipenyo cha mikromita 8 hadi 10.
* Seli ya hamira huwa na upana wa mikromita 3 hadi 6 hivi.
* Bakteria wengi wana upana wa mikromita 0.5 hadi 1. Walio na umbo la fimbo wanaweza kuwa virefu, lakini upana wao hubaki mdogo. Kwa sababu hiyo bakteria hulinganishwa kwa upana, si kwa urefu.

Kuandika "imekuzwa mara 1,000" chini ya picha hakutoshi kujua ukubwa. Namba hiyo ni ya hadubini, si ya picha. Picha ileile inaweza kuchapishwa ndogo kwenye kitabu au kuonyeshwa kubwa ukutani, na kila mara milimita moja ya picha itawakilisha urefu tofauti. Kinachohitajika ni kujua milimita moja ya picha hiyo ni mikromita ngapi.

Njia rahisi ni kutumia duara la mwanga linaloonekana katika hadubini. Kipenyo halisi cha duara hilo hupatikana kwa kugawanya namba ya uwanja, iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, kwa nguvu ya lenzi iliyo karibu na slaidi. Lenzi ya jicho iliyoandikwa `WF10X/18` ina namba ya uwanja ya milimita 18. Ikitumiwa pamoja na lenzi ya chini ya mara 40, duara lina kipenyo cha milimita 0.45, yaani mikromita 450. Ikitumiwa na lenzi ya mara 100, ambayo huhitaji tone la mafuta maalumu kati yake na slaidi, duara lina kipenyo cha mikromita 180.

Kama namba ya uwanja haikuandikwa, rula ya plastiki inayopitisha mwanga huwekwa chini ya lenzi ya mara 4 na milimita zinazoonekana katika duara huhesabiwa. Kwa lenzi ya jicho iliyotajwa juu, duara litaonyesha milimita 4 na nusu. Kipenyo hicho huzidishwa kwa 4, kisha hugawanywa kwa nguvu ya lenzi itakayotumika.

Tatizo hutokea picha inapopigwa kwa simu. Simu mara nyingi hukata ukingo wa duara, na mpigaji huweza kuvuta picha ili kitu kionekane kikubwa. Hapo kipenyo cha duara hakisaidii tena, kwa sababu hakionekani. Ndipo kiini cha seli ya shavu kinapokuwa rula. Kuvuta picha hukuza kila kitu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uwiano kati ya vitu haubadiliki. Bakteria duara atakuwa takriban sehemu moja ya kumi ya upana wa kiini, hata picha ikuzwe namna gani. Seli ya hamira itakuwa karibu nusu ya upana wa kiini. Kipimo hiki si kamili, kwa kuwa viini havilingani, lakini pengo kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ni kubwa kiasi cha kutosha.

Lenzi ya mara 40, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika hadubini nyingi za shule, inaweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa nusu mikromita hivi. Kwa hiyo bakteria huonekana kama vidoa au vistari vidogo sana. Uwepo wao unaweza kuonekana, na fimbo inaweza kutofautishwa na duara ikiwa ni ndefu, lakini rangi yao ni vigumu kuiamini. Kwa kusoma rangi ya bakteria lenzi ya mara 100 na mafuta yake hutakiwa.

## Umbo na mpangilio

Seli ya shavu ni bapa, pana na yenye pembe zisizo sawa, kama kipande cha karatasi kilichochanwa. Saitoplazimu yake ni hafifu na kiini huonekana kama doa lenye rangi nzito zaidi karibu na katikati. Ukingo wake mara nyingi umekunjika mahali fulani, na mkunjo huo huonekana kama mstari mzito wa waridi. Haina ukuta, tofauti na seli za ngozi ya kitunguu zinazoonyeshwa mara kwa mara shuleni, ambazo zimepangwa kama matofali na zina mipaka iliyonyooka.

Bakteria hawana kiini. Kila mmoja huonekana kama kitu kimoja chenye rangi sawa, bila sehemu za ndani. Maumbo ya kawaida ni duara, fimbo na mviringo wa kujipinda kama skurubu. Pamoja na umbo la mmoja mmoja hutazamwa jinsi walivyokaa pamoja. Bakteria duara wanaogawanyika kwa kufuata upande mmoja hubaki wameshikana kama shanga katika uzi, na wale wanaogawanyika pande nyingi hufanya vichane kama zabibu. Minyororo ya bakteria duara ni ya kawaida kinywani, nayo ni ya kundi la streptokoki. Fimbo nyembamba zenye ncha zilizochongoka pia huonekana, hasa kwenye utando unaotoka katikati ya meno.

Kuvu wanaoweza kuonekana katika mpako wa shavu ni hasa wale wa kandida, ambao huishi kinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Seli yao ya hamira ina umbo la yai. Alama yake ya kuaminika ni chipukizi: seli ndogo inayoota ubavuni mwa seli mama na kuunganishwa nayo kwa shingo nyembamba. Bakteria duara anapogawanyika hutoa nusu mbili zinazolingana, lakini hamira inapochipua hutoa mtoto mdogo kuliko mama. Kwa hiyo vitu viwili vilivyoshikana visivyolingana huashiria hamira, na viwili vinavyolingana huashiria bakteria, mradi ukubwa nao ukubali.

Kandida huweza pia kurefuka na kufanya nyuzi. Nyuzi hizo zina upana wa mikromita kadhaa na hubanwa mahali seli moja inapokutana na nyingine, kama soseji zilizofungwa kwa mfuatano. Mnyororo wa bakteria huweza kuwa mrefu kama uzi huo, lakini ni mwembamba mara kadhaa.

## Rangi na namna ya kuipima

Rangi katika picha haina maana mpaka ijulikane ni dawa gani iliyotumika. Mpako uliotiwa methilini buluu peke yake huonyesha seli za shavu, bakteria na kuvu vyote kwa rangi ya buluu. Hapo hakuna Gram chanya wala Gram hasi, kwa sababu jaribio halikufanyika. Mpako uliotiwa ayodini peke yake huonyesha kila kitu kwa rangi ya manjano au kahawia, isipokuwa wanga, ambao hugeuka buluu nzito hadi nyeusi. Picha isiyotaja dawa iliyotumika husomwa kwa ukubwa na umbo tu.

Hata dawa ikijulikana, rangi huhitaji kuhakikiwa. Hapa ndipo seli ya shavu inapokuwa shahidi. Kwa kuwa haina ukuta, haina njia ya kuzuia zambarau spiriti inapopita. Katika mpako uliofanywa vizuri kiini chake lazima kiwe waridi au chekundu. Kikionekana cha zambarau, maana yake spiriti haikufanya kazi ya kutosha mahali hapo, ama kwa sababu muda ulikuwa mfupi au mpako ulikuwa mnene. Bakteria wa zambarau walio karibu na kiini hicho hawawezi kuitwa Gram chanya, kwa kuwa wangeonekana hivyo hata kama ni Gram hasi.

Kosa la upande wa pili ni spiriti kukaa muda mrefu mno. Hapo hata bakteria wenye ukuta mnene hupoteza zambarau na picha yote huwa ya waridi. Seli ya shavu haiwezi kufichua kosa hilo, kwa sababu ingekuwa waridi vyovyote vile. Dalili yake ni mnyororo mmoja wa bakteria wenye shanga za zambarau na shanga za waridi zikiwa zimechanganyika, au seli ya hamira yenye chipukizi lakini iliyofifia kuwa waridi. Ili kujikinga, maabara huweka kwenye slaidi ileile matone mawili ya bakteria wanaojulikana, mmoja Gram chanya na mwingine Gram hasi, na kuyatia rangi pamoja na sampuli.

Kamera nayo hubadilisha rangi. Balbu ya manjano hufanya picha nzima ielekee manjano, na zambarau hugeuka kuwa kama kahawia. Sehemu tupu ya slaidi, isiyo na seli, hutakiwa kuwa nyeupe au isiyo na rangi. Ikiwa na rangi, basi kila rangi nyingine katika picha imesogezwa upande huohuo.

## Mfano wa picha moja

Picha ya mpako wa shavu imepigwa kwa lenzi ya mara 100, na duara lote la mwanga linaonekana. Katika karatasi iliyochapishwa duara lina kipenyo cha milimita 150. Kwa kuwa kipenyo halisi ni mikromita 180, kila milimita ya picha ni mikromita 1.2.

Katikati kuna umbo kubwa la waridi hafifu lenye upana wa milimita 50, yaani mikromita 60. Ndani yake kuna doa lenye waridi nzito la milimita 8, yaani karibu mikromita 10. Ukubwa, pembe zisizo sawa na kiini vinakubaliana: hiyo ni seli ya shavu. Kiini chake ni waridi, hivyo spiriti ilifanya kazi mahali hapo na rangi ya vitu vilivyo karibu inaweza kusomwa.

Juu ya seli hiyo kuna mistari ya vidoa vya zambarau. Kidoa kimoja ni kidogo mno kupimwa kwa rula ya kawaida, kwa hiyo hupimwa mnyororo mzima. Mnyororo wenye vidoa 10 una urefu wa milimita 8, sawa na mikromita 9.6. Ukigawanywa kwa 10, kila kidoa ni karibu mikromita 1. Vidoa vinalingana na havina sehemu za ndani. Jibu ni bakteria duara wa Gram chanya katika minyororo.

Pembeni mwa seli hiyohiyo kuna maumbo matatu ya zambarau yanayofanana na yai. Rangi yao ni ileile ya minyororo, na anayefuata rangi peke yake atayaita bakteria duara wakubwa. Lakini moja lina urefu wa milimita 4, yaani mikromita 4.8, takriban mara tano ya kidoa cha mnyororo na nusu ya kiini cha jirani yake. Bakteria duara wa kinywani hawafikii ukubwa huo. Mojawapo ya maumbo hayo lina uvimbe mdogo ubavuni wa milimita 1.7, sawa na mikromita 2, uliounganishwa nalo kwa shingo nyembamba. Ukubwa na chipukizi vinaonyesha seli za hamira, yaani kuvu.

Umbo moja kati ya hayo matatu limelala juu ya seli ya shavu, na kwa mbali linafanana na kiini cha pili. Tofauti ni tatu: ni dogo kuliko kiini, ukingo wake ni mkali, na ni la zambarau wakati kiini ni waridi.

Upande wa kulia wa picha kuna lundo la seli za shavu zilizolaliana. Viini vyao ni vya zambarau, na fimbo fupi za zambarau zinaonekana kati yao. Hapo shahidi ameonyesha kwamba rangi haikuondolewa vizuri. Fimbo hizo zina upana usiofika mikromita 1, hivyo zinaweza kuandikwa kuwa ni bakteria wa umbo la fimbo, lakini aina yao ya Gram huachwa bila kuamuliwa. Kuangalia sehemu nyingine ya slaidi, yenye mpako mwembamba, ndiyo njia ya kupata jibu.

## Vitu vinavyodanganya

Si kila kitu chenye rangi katika picha ni kiumbe. Mabonge ya kristali vayoleti iliyoganda huonekana kama vidoa vya zambarau nzito karibu nyeusi. Hutambuliwa kwa kuwa hayalingani kwa ukubwa, yana kingo zenye ncha, na huonekana hata mahali pasipo na seli. Hupungua dawa ikichujwa kabla ya kutumika.

Nyuzi za pamba kutoka kwenye kijiti huweza kudhaniwa kuwa nyuzi za kuvu. Uzi wa pamba una upana wa mikromita 10 au zaidi, umejipinda kama utepe na hauna matawi wala vibano. Uzi wa kandida ni mwembamba kuliko huo, una vibano, na mara nyingi kuna seli za umbo la yai zilizoota kando yake.

Viputo vya hewa, ambavyo hutokea kwenye slaidi yenye maji na kioo cha kufunikia, ni duara kamili zenye ukingo mweusi mnene na katikati isiyo na kitu. Vumbi lililo kwenye lenzi ya jicho hutambuliwa kwa kulinganisha picha mbili za sehemu tofauti za slaidi: seli hubadilika, vumbi hubaki mahali palepale.

## Mipaka ya utambuzi kwa picha

Picha ya hadubini hutoa kundi, haitoi jina la spishi. Minyororo ya bakteria duara wa Gram chanya inaweza kuwa ya aina nyingi za streptokoki, wengine wakiwa wakaaji wa kawaida wa kinywa na wengine wakisababisha magonjwa. Kuwatofautisha huhitaji kuwakuza katika maabara na kuwafanyia majaribio mengine. Vilevile kuona seli chache za hamira kinywani si uthibitisho wa ugonjwa. Daktari huunganisha picha na dalili za mgonjwa, kwa mfano utando mweupe ulimini na mashavuni.

Pia kuna bakteria ambao njia ya Gram haiwaonyeshi vizuri. Bakteria wa kifua kikuu wana nta nyingi katika ukuta wao, na rangi za Gram huingia kwa shida. Kwa makohozi hutumika njia ya Ziehl na Neelsen, ambayo huwaonyesha kama fimbo nyembamba nyekundu kwenye msingi wa buluu. Katika picha hiyo nyekundu haimaanishi Gram hasi. Inamaanisha kwamba bakteria waliishikilia rangi nyekundu hata baada ya kuoshwa kwa asidi. Anayeisoma kwa kanuni za Gram atapata jibu lisilo sahihi ingawa picha yenyewe ni nzuri.

Kwa sababu hizo maelezo kamili ya kitu katika picha huandikwa kwa kutaja njia ya kutia rangi, ukubwa uliopimwa, umbo, mpangilio na rangi, na ndipo jina la kundi hufuata. Kwa mfano: "Gram, mikromita 4.8, umbo la yai lenye chipukizi, zambarau, hamira." Msomaji mwingine mwenye picha hiyohiyo anaweza kurudia vipimo hivyo na kuona mwenyewe kama jina linakubaliana navyo.